Tairi za ST au za LT kwenye Trela: Namna ya Kuchagua, Kufunga na Kupima Ugumu wa Ubavu

Swali hili huulizwa karibu kila msimu wa kuvuna viazi, na huulizwa kwa maneno yaleyale: "Nimebadilisha tairi za pikapu, na zile nilizotoa bado zina meno, naweza kuzifunga kwenye trela?" Wanaouliza ni wakulima wa Molo na Njoro wanaoshusha viazi Kisumu, na mara nyingine ni watu wanaovuta mashua hadi Dunga. Jibu langu ni kwamba huenda zikafaa, lakini si kwa sababu bado zina meno. Kinachoamua ni ubavu wa tairi, upepo uliomo ndani yake na uzito utakaolalia kila gurudumu, na mambo hayo matatu hayawezi kutenganishwa.

Mwongozo huu unahusu trela ya ekseli moja yenye magurudumu mawili, inayovutwa na pikapu, kwa kuwa ndiyo iliyo mingi katika barabara zetu na ndiyo inayoonyesha kosa la tairi upesi zaidi.

Maana ya herufi, kwa ufupi

Tairi iliyoandikwa ST mbele ya vipimo vyake, kwa mfano ST205/75R15, imetengenezwa kwa ajili ya trela peke yake. Tairi ya trela haisukumi gari, haikati kona kwa usukani, wala haina abiria juu yake wa kuhurumiwa na mashimo. Kazi yake ni kubeba uzito na kukataa kulala upande. Kwa hiyo nyuzi za ubavuni hufanywa nene zaidi, ubavu ukawa mgumu, na meno yakafanywa mafupi ili yasicheze.

Tairi ya LT ni ya pikapu na magari madogo ya mizigo. Nayo ina nguvu, lakini ubavu wake umeachiwa ulegevu kiasi ili dereva apate usukani mzuri na safari isiyovunja mgongo, na meno yake huwa marefu ili ishike matope. Kuna pia tairi zenye herufi C mwishoni, kama 195R14C, zile za matatu na magari ya kusambaza bidhaa. Hizi ni za ukoo wa LT, ubavu wake ni mgumu vya kutosha, na katika maduka ya Nakuru na Kisumu ni rahisi kuzipata kuliko ST.

Ubavu una uhusiano gani na kuyumba? Tairi haiwezi kuivuta trela irudi kwenye mstari mpaka kwanza yenyewe ijipinde kidogo kuelekea upande. Ubavu mgumu hujipinda kidogo na kujibu mara moja. Ubavu laini hujipinda sana na kujibu kwa kuchelewa, na kufikia wakati huo trela imekwisha kupita mahali ilipopaswa kusimama, kwa hiyo inarudishwa kwa nguvu na kupitiliza upande wa pili. Hapo ndipo trela inaanza kupiga mkia. Mwendo ukiongezeka, uwezo wa trela kujituliza hupungua, na ndiyo maana trela iliyotulia kabisa kwa kilomita 50 kwa saa inaweza kuwa adui kwa kilomita 75.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta geji ya upepo inayosoma hadi psi 100 iliyo yako mwenyewe, kwa maana geji za vituo vya mafuta hutofautiana sana, mizani ya bafuni, ubao mnene wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, matofali mawili, vipande viwili vya bomba la chuma, chaki, utepe wa kupimia, jeki, spana ya magurudumu, na daftari. Utahitaji pia mtu mwingine mmoja mwenye nguvu wa kukusaidia katika hatua ya saba.

Hatua

1. Tafuta uzito utakaobebwa na kila tairi. Usianze dukani, anza kwenye mizani. Ipime trela ikiwa tupu katika ghala lolote la nafaka lenye mizani ya magari, kisha ongeza uzito wa mzigo mkubwa kabisa unaokusudia kubeba. Nitatumia trela yangu kama mfano mpaka mwisho. Ikiwa tupu ina kilo 420, na mzigo wake ni magunia 24 ya viazi ya kilo 50 kila moja, yaani kilo 1,200. Jumla ni kilo 1,620. Trela hiyo ina breki zake zinazojifunga inaposukuma gari, na kwa uzito huo usithubutu kuvuta trela isiyo na breki.

   Uzito huo wote haulalii tairi. Sehemu yake hubebwa na mkono wa trela pale unaposhikana na gari, na sehemu hiyo inapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Mizani ya bafuni haitamudu kuipima moja kwa moja, kwa hiyo tumia ubao: upande mmoja uukalishe juu ya bomba lililo kwenye tofali, upande wa pili uukalishe juu ya bomba lililo kwenye mizani, kisha uteremshe mkono wa trela kwenye ubao kwa umbali wa theluthi moja kutoka kwenye tofali. Usisahau kutoa uzito ambao mizani ilionyesha ubao ukiwa mtupu, kisha zidisha kilichobaki mara tatu. Kwangu mizani ilionyesha kilo 63, kwa hiyo mkono ulikuwa umebeba kilo 189. Zilizobaki juu ya ekseli ni kilo 1,431, na kila tairi ingebeba kama kilo 715 endapo mzigo ungegawanyika sawasawa kabisa.

   Lakini magunia hayapangwi kwa rula, na barabara huinama kuelekea mtaroni. Mimi huhesabu kwamba upande mmoja unaweza kubeba asilimia 55. Hiyo ni kilo 787. Juu yake naongeza akiba ya asilimia 15, na napata kwamba nahitaji tairi yenye uwezo wa kilo 905 au zaidi. Andika nambari yako katika daftari, ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

2. Usome ubavu wa tairi, usisome bei. Kwenye ubavu utaona namba ya uwezo wa mzigo. Baadhi ya zile utakazokutana nazo ni hizi: 91 ni kilo 615, 102 ni kilo 850, na 106 ni kilo 950. Ukiona mbili zilizotenganishwa na mkwaju, kama 106/104, ya kwanza ni ya gurudumu linalokaa peke yake, na ndiyo yako. Ya pili ni ya magurudumu yanayofungwa mawilimawili kila upande.

   Tairi za Kimarekani huongeza herufi ya daraja la mzigo. C ni sawa na plai 6 na upepo wa mwisho kwa kawaida ni psi 50. D ni sawa na plai 8 na psi 65. E ni sawa na plai 10 na psi 80. Tafadhali usiichanganye C hii ya daraja na ile C inayokuja mwishoni mwa 195R14C, kwa maana ni mambo mawili tofauti, na nimeona watu wakinunua tairi dhaifu kwa sababu ya kuzichanganya. Elewa pia kwamba plai ni kipimo cha nguvu. Tairi ya plai 8 ya siku hizi haina tabaka nane ndani yake.

   Onyo: tairi ya gari dogo la abiria haifai hapa hata ikiwa mpya. Tairi yenye namba 91 hubeba kilo 615 ikiwa kwenye gari, na ikihamishiwa kwenye trela inatakiwa uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, ubaki kilo 559 hivi. Ubavu wake ni laini kuliko zote.

3. Linganisha zilizopo na nambari yako. Katika mfano wangu nilikuwa na machaguo manne. 185R14C ya plai 8 hubeba kilo 850 kwa psi 65. Inatosha kwa kilo 787, lakini akiba ni ndogo mno kwa barabara zenye mashimo. 195R14C ya plai 8, au 195R15C kwa rimu ya inchi 15, hubeba kilo 950 kwa psi hizohizo na inafaa vizuri. LT235/75R15 ya daraja C hubeba kilo 900 kwa psi 50, nayo imekaribia kutosha. ST205/75R15 ya daraja D hubeba kilo 975 kwa psi 65, na ubavu wake ndio mgumu kuliko zote.

   Tazama jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. LT hiyo ina upana wa milimita 235 na kimo chake ni milimita 733 hivi, ilhali ST ile ni milimita 689 tu. LT ni kubwa zaidi kwa macho, na mnunuzi hudhani kubwa ndiyo yenye nguvu. Kumbe ST iliyo ndogo hubeba zaidi, na ufupi wake unaushusha mzigo kwa milimita 22 karibu na ardhi, jambo ambalo nalo linasaidia utulivu.

   Hata hivyo, usiiabudu ST. Sehemu ya uwezo wake mkubwa inatokana na ubavu, na sehemu nyingine inatokana na kukadiriwa kwa mwendo mdogo. ST nyingi zisizo na herufi ya mwendo zimekadiriwa kwa kilomita 105 kwa saa. Zenye herufi L ni kilomita 120 na M ni kilomita 130. Mfano wa wazi ni tairi za inchi 16: ST235/85R16 ya daraja E imeandikiwa kilo 1,650, ilhali LT235/85R16 ya daraja hilohilo imeandikiwa kilo 1,380. Ile LT si dhaifu kiasi hicho, bali imeachiwa akiba kubwa zaidi. Ndiyo maana wapo mafundi wazoefu wanaopendelea LT ya daraja E kwenye trela nzito, na siwalaumu, kwa kuwa LT ya daraja E iliyojazwa psi 80 ina ubavu mgumu wa kutosha. Kinachoyumbisha trela ni LT ya daraja la chini yenye meno marefu ya matope, iliyojazwa upepo wa pikapu.

   Onyo la upande wa pili: usiifunge ST kwenye pikapu hata kwa dharura ya kufika nyumbani. Haikutengenezwa kwa gari lenye watu.

4. Kagua umri na ngozi ya tairi. Tafuta ubavuni mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT, kisha usome tarakimu zake nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela huzeeka kwa jua kuliko kwa mwendo, kwa sababu trela hukaa uani miezi kadhaa ikisubiri mavuno, tairi zikiwa zimeelemewa mahali palepale. Mimi huzibadilisha zikifika miaka mitano hata kama meno yanang'aa. Kwa tairi za mitumba tazama nyufa nyembamba ubavuni, hasa karibu na rimu, na upitishe kiganja uhisi kama kuna uvimbe. Uvimbe wa ubavuni maana yake nyuzi zimekatika, na hakuna fundi wa pancha awezaye kuuponya.

5. Kagua rimu na valvu kabla tairi haijafungwa. Rimu nayo ina kikomo cha uzito na cha upepo. Mara nyingi kimegongwa kwa nyuma au karibu na tundu la valvu. Rimu kuukuu ya gari dogo haistahili psi 65. Valvu za kawaida za mpira zinazobanwa kwa kuvutwa zina kikomo cha psi 65, kwa hiyo ukichagua tairi ya daraja E mwambie fundi akuwekee valvu za chuma za kukazwa kwa nati. Hili ni jambo la gharama ndogo, na husahaulika kila mara.

6. Funga zinazofanana. Tairi mbili za ekseli moja ziwe za aina moja, kipimo kimoja, daraja moja na umri unaokaribiana. Usifunge ST kushoto na LT kulia, wala tairi ya radiali (yenye herufi R katikati ya kipimo) pamoja na ile ya nyuzi za mshazari (yenye D au mstari mahali pa R). Bavu mbili zisizolingana hujibu kwa nyakati tofauti, na trela huvutwa upande mmoja kila inapopita juu ya tuta. Spea nayo iwe ya aina hiyohiyo. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

7. Jaza upepo tairi ikiwa baridi, kisha pima ubavu kwa mikono. ST hujazwa hadi kiwango cha mwisho kilichoandikwa ubavuni, hata mzigo ukiwa pungufu, kwa sababu upepo ndio unaoukamilisha ugumu wa ubavu. LT na C zikiwa kwenye trela iliyopakiwa nazo hujazwa hadi kiwango cha mwisho au karibu nacho. Baridi maana yake ni asubuhi, kabla trela haijatembea wala kupigwa na jua. Ukijaza Nakuru na kulala Kisumu, geji inaweza kusoma tofauti kidogo kwa sababu umeshuka kama mita 700 na joto limeongezeka. Hilo lisikushtue, na kamwe usitoe upepo kwenye tairi iliyotoka safarini ikiwa moto.

   Sasa fanya jaribio hili, ambalo limenifunza zaidi ya maelezo yote ya dukani. Trela ikiwa imepakiwa, imeshikana na gari, na gari limefungwa breki ya mkono, chora kwa chaki mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo wa rimu kushuka ubavuni hadi karibu na ardhi. Mwambie mwenzako aisukume pembe ya nyuma ya trela kwa bega, aachie, asukume tena kwa mpigo wa taratibu, nawe uchuchumae nyuma ya gurudumu, mbali na njia ya trela, utazame chaki. Tairi yangu ya LT ilipokuwa na psi 35, mstari ulivunjika katikati: sehemu ya juu ilikwenda na rimu, ya chini ikabaki na ardhi, na ubavu ukakunjamana kama shavu la mtu anayetafuna. Rimu ilisogea upana wa kidole gumba. Kwa psi 50 ilisogea nusu ya hapo. Nilipofunga ST yenye psi 65, mstari ulipinda kidogo tu, na kilichotikisika zaidi kilikuwa springi za trela.

8. Ijaribu barabarani kwa vipande. Chagua barabara iliyonyooka na isiyo na msongamano. Endesha kwa kilomita 40 kwa saa, kisha 60, kisha 70, na katika kila mwendo ugeuze usukani kidogo sana mara moja na kuurudisha. Trela iliyo sawa itatikisika mara moja au mbili na kutulia. Ikitikisika mara nne au tano kabla ya kutulia, mwendo huo umeshapita uwezo wa trela ilivyo sasa. Usiendelee na jaribio, rudi ukasahihishe. Baada ya kilomita 30 simama, uguse tairi zote mbili kwa kiganja. Joto liwe sawa kushoto na kulia.

Kisa cha trela yangu

Kabla sijayajua haya, nilifunga kwenye trela zile LT235/75R15 nilizozitoa kwenye pikapu. Fundi aliyezifunga alizijaza psi 35 kwa sababu ndizo pikapu ilizokuwa ikitumia, nami sikuuliza. Niliondoka Molo alfajiri na magunia 24, nikapita Mau Summit, Londiani na Kericho bila tatizo, kwa kuwa milima na malori havikuniruhusu kukimbia. Tatizo lilinisubiri kwenye tambarare, baada ya Awasi kuelekea Ahero, ambako barabara inanyooka na mguu unazama wenyewe. Nikiwa kwenye kilomita 75 kwa saa, basi lilinipita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma trela upande, trela ikarudi, ikapitiliza, na kwa mpigo wa tatu nilihisi nyuma ya pikapu ikinyanyuliwa kama mtu anayeshikwa kiunoni. Niliachia mafuta, nikaushika usukani wima bila kujaribu kuisahihisha trela, na kwa kilomita 50 hivi ikatulia. Viazi viwili vilikuwa vimetoka guniani na kujibana kati ya ubao na taa ya nyuma.

Hesabu ilikuja baadaye. LT ile hubeba kilo 900 ikiwa na psi 50, lakini kwa psi 35 uwezo wake hushuka hadi karibu kilo 700. Mimi niliipa kila moja kilo 715 hata kama mzigo uligawanyika sawasawa, na labda 787 upande mzito. Kwa hiyo tairi zilikuwa zimezidiwa kabla hata basi halijatokea, ubavu ulikuwa laini mara mbili, mara moja kwa asili yake na mara ya pili kwa ukosefu wa upepo, na meno ya matope yalikuwa yakicheza chini yake. Safari iliyofuata niliondoka na tairi hizohizo zikiwa na psi 50 na mzigo uleule. Trela ilitulia vizuri hadi kilomita 70. Baadaye nikafunga ST205/75R15 za daraja D, na hata malori yanaponipita sasa nahisi msukumo mmoja tu. Siwezi kusema kwamba LT ndizo zilizotaka kuniua. Psi 15 zilizokosekana zilikuwa na hatia kubwa kuliko herufi.

Trela ikiendelea kusumbua

*Inapiga mkia ingawa tairi na upepo ni sahihi.* Pima tena mkono wa trela. Ukiwa chini ya asilimia 10 ya uzito wote, hamisha magunia mbele ya ekseli kabla ya kutumia hela nyingine kwenye tairi. Namna ya kutofautisha ni hii: tatizo likiwa la upakiaji, trela hubadilika tabia unaposogeza magunia mawili au matatu, likiwa la ubavu, hubadilika unapoongeza psi 10 bila kupita kikomo cha tairi.

*Inaanza kuyumba ukiwa safarini.* Achia mafuta, shika usukani wima, na usikanyage breki kwa nguvu. Usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha. Ushauri huo bado unatembea vituoni, na umepeleka trela nyingi mtaroni. Jihadhari hasa kwenye miteremko kama ule wa Sachangwan kuja Salgaa, ambako trela husukuma gari na mwendo hujiongeza wenyewe.

*Tairi moja ni moto kuliko nyingine.* Pima upepo kwanza zikishapoa. Ukiwa sawa pande zote mbili, gusa kitovu cha gurudumu kwa tahadhari: kikiwa moto pia, tatizo ni beringi au breki inayobana. Kitovu kikiwa baridi na ubavu moto, upande huo umezidiwa na mzigo.

*Meno yanaisha pande zote mbili na katikati yamebaki.* Upepo ni mdogo kwa mzigo unaobeba. Yakiisha upande mmoja tu katika tairi zote mbili, ekseli imepinda au imechomelewa vibaya, na hakuna tairi itakayolirekebisha hilo.

*Trela tupu inarukaruka kwenye matuta.* Hii ni tabia ya ubavu mgumu wenye psi 65 usio na mzigo. Kama tairi zako ni LT au C na unarudi bila mzigo, unaweza kupunguza hadi psi 45 au 50 zikiwa baridi, mradi uzirudishe kabla ya kupakia tena. Kwa ST mimi huziacha zirukeruke, nikapunguza mwendo badala ya upepo, kwa sababu najua asubuhi ya kupakia nitakuwa na haraka na geji itakuwa imesahaulika nyumbani.